Na, Si, Au: Jinsi Otomata Zinavyoutambua Mwaka Mrefu

Fungua programu ya Excel, andika namba 60 katika kisanduku kimoja, kisha iagize programu ikionyeshe kisanduku hicho kama tarehe. Kwa mpangilio wake wa kawaida, itakuonyesha tarehe 29 Februari 1900. Siku hiyo haijawahi kuwapo. Mwaka 1900 ulikuwa na siku 365, na Februari yake iliishia tarehe 28.

Kosa hili lina ukoo. Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotoka mwaka 1983, iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu, yaani wenye siku 366. Excel ilipokuja iliamua kulifuata kosa hilo kwa makusudi, ili majedwali ya watu yasibadilike tarehe yanapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Matokeo yake ni yale ambayo ungeyapata kwa kanuni iliyokatwa nusu: mwaka ukigawika kwa 4, ni mrefu.

Kanuni kamili, ile ya kalenda iliyotangazwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, ni ndefu kidogo. Mwaka ni mrefu ikiwa unagawika kwa 4 na haugawiki kwa 100, au ikiwa unagawika kwa 400. Ndiyo maana 2024 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, na 2000 ulikuwa.

Kanuni hii imeshikiliwa na viungo vitatu: "na", "si" na "au". Viungo hivyo vitatu ni sehemu ya nadharia iliyopata umbo lake katika miaka ya 1950. Stephen Kleene, mwanamantiki wa Marekani, alichapisha mwaka 1956 kazi iliyoeleza ni mambo gani yanaweza kutambuliwa na mashine yenye kumbukumbu ndogo isiyoongezeka. Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott wakachapisha, katika jarida la kampuni ya IBM, makala iliyoonyesha jinsi mashine za aina hiyo zinavyogeuzwa na kuunganishwa. Wawili hao walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1976 kwa kazi hiyo. Jambo moja waliloliweka wazi ndilo tutakalolifuata hapa: ikiwa kila kipande cha kanuni kina mashine yake, basi kanuni nzima pia ina mashine yake, na tunaweza kuijenga kwa mkono.

Ubao wenye kete moja

Mashine inayozungumziwa huitwa otomata. Ichukulie kuwa ubao kama wa bao, wenye mashimo machache na kete moja tu. Kete huanza katika shimo lililopangwa. Kisha unasomewa tarakimu za mwaka moja moja, kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa kila tarakimu ubao unasema kete iende shimo gani. Mashimo mengine yamewekewa alama ya kukubali. Tarakimu zikiisha kete ikiwa ndani ya shimo lenye alama, mwaka umekubaliwa. Ikiwa nje ya hayo, umekataliwa. Hakuna daftari wala kuangalia nyuma. Kitu pekee ambacho mashine inakumbuka ni shimo ilimo kete yake.

Mkusanyiko wa mifuatano yote ambayo ubao fulani unaikubali huitwa lugha ya ubao huo. Lugha inayoweza kutambuliwa na ubao wa namna hii, wenye mashimo ya kuhesabika, huitwa lugha ya kawaida. Miaka inayogawika kwa 4 ni lugha mojawapo.

Tuujenge ubao wake. Mtu anaweza kudhani kwamba ili kujua kama namba inagawika kwa 4 ni lazima kuikumbuka namba yote. Si lazima. Ukiongeza tarakimu mwishoni mwa namba, namba ya zamani inazidishwa kwa 10 kisha tarakimu mpya inajumlishwa. Namba ya zamani ikiwa shufwa, kuizidisha kwa 10 kunatoa namba inayogawika kwa 4, hivyo uamuzi unabaki kwa tarakimu mpya peke yake. Ikiwa witiri, kuizidisha kwa 10 kunaacha baki ya 2, na tarakimu mpya inaongezwa juu ya baki hiyo. Kwa hiyo mashimo matatu yanatosha. La kwanza tuliite Nne: namba iliyosomwa mpaka sasa inagawika kwa 4. La pili ni Mbili: namba ni shufwa lakini inaacha baki ya 2. La tatu ni Witiri. Safari za kete ni hizi:

```
Shimo     0,4,8    2,6      1,3,5,7,9
Mbili     Nne      Mbili    Witiri
Nne       Nne      Mbili    Witiri
Witiri    Mbili    Nne      Witiri
```

Alama ya kukubali iko kwenye Nne tu, na kete inaanzia Mbili. Kwa nini isianzie Nne? Kwa sababu kabla ya kusoma chochote karatasi ni tupu, na hatutaki karatasi tupu ihesabiwe kuwa mwaka. Mashimo Nne na Mbili yana safari zilezile, tofauti yao ni alama tu, kwa hiyo kuanzia Mbili hakuharibu hesabu yoyote inayofuata.

Jaribu mwaka 2026. Tarakimu 2 inaibakiza kete Mbili, 0 inaipeleka Nne, 2 inairudisha Mbili, na 6 inaiacha palepale. Mbili haina alama, hivyo 2026 umekataliwa. Ndivyo inavyotakiwa.

Ubao wa pili unatambua miaka inayogawika kwa 100, yaani inayoishia na sifuri mbili. Nao unahitaji mashimo matatu. Bila ni pale ambapo tarakimu ya mwisho si sifuri, na ndipo kete inapoanzia. Moja ni pale ambapo kuna sifuri moja mwishoni. Jozi ni pale ambapo zipo mbili au zaidi. Kila sifuri inaisogeza kete mbele, kutoka Bila hadi Moja, kisha Jozi, na ikifika Jozi inabaki hapo sifuri zikiendelea kuja. Tarakimu nyingine yoyote inairudisha Bila. Alama iko kwenye Jozi.

Kugeuza alama

Kanuni yetu haitaki miaka inayogawika kwa 100. Inataka ile isiyogawika. Seti ya mifuatano yote iliyo nje ya lugha fulani huitwa kijalizo chake, na namna ya kukipata ni rahisi kuliko mtu anavyotarajia: futa alama ya kukubali pale ilipo, na uiweke katika kila shimo ambalo halikuwa nayo. Safari za kete haziguswi. Katika ubao wetu wa pili, Jozi inapoteza alama, na Bila na Moja zinaipata.

Hoja ya usahihi wake ni fupi. Kila mfuatano wa tarakimu unaipeleka kete katika shimo moja, na moja tu. Shimo hilo ama lina alama ama halina. Ukigeuza alama zote, kila mfuatano uliokubaliwa utakataliwa na kila uliokataliwa utakubaliwa. Hakuna unaobaki katikati.

Hoja hiyo imeegemea masharti mawili ambayo ni rahisi kuyapita bila kuyaona. La kwanza ni kwamba kete lazima iwe na pa kwenda kwa kila tarakimu, katika kila shimo. La pili ni kwamba pasiwe na hiari: tarakimu moja, safari moja. Makosa mengi ya wanafunzi wanapotafuta kijalizo yanatokana na kuvunjwa kwa sharti mojawapo.

Tazama sharti la kwanza. Tuseme unataka ubao unaokubali namba iliyoandikwa vizuri, yaani isiyo tupu na isiyoanza na sifuri. Unachora mashimo mawili, Mwanzo na Sawa. Tarakimu 1 hadi 9 zinaitoa kete Mwanzo na kuipeleka Sawa, na ikiwa Sawa kila tarakimu inaibakiza hapo. Kuhusu sifuri ikiwa Mwanzo, huchori kitu. Kete imekwama, mfuatano umekataliwa, na kwa kazi ya kukubali mchoro huo unatosha.

Sasa geuza alama. Mwanzo inapata alama, Sawa inaipoteza. Mpe ubao huo mfuatano 0123, ambao haujaandikwa vizuri na kwa hiyo ungepaswa kukubaliwa na kijalizo. Sifuri ya kwanza inaikwamisha kete, na mfuatano unakataliwa tena. Ubao wa awali umeukataa na kijalizo chake kimeukataa. Dawa yake ni kuongeza shimo la tatu, tuliite Shimo la Kufia, ambalo kete ikiingia haitoki tena, na kuelekeza huko kila safari iliyokosekana. Ukigeuza alama baada ya hapo, Shimo la Kufia linakuwa shimo la kukubali, na 0123 inakubaliwa kama inavyostahili.

Hapo ndipo lilipo jaribio la kugundua kosa. Chukua mifuatano michache, pamoja na karatasi tupu, uipitishe katika ubao na katika kijalizo chake. Kila mfuatano lazima ukubaliwe na mmoja kati ya hizo mbili, si zote wala si sifuri. Ukipata hata mmoja uliokataliwa pande zote, kuna safari iliyosahauliwa.

Ubao unaokisia

Sharti la pili lina mtego mkubwa zaidi. Rabin na Scott, katika makala yao ya 1959, waliruhusu mashine zenye hiari: kwa tarakimu moja kete inaweza kuwa na safari mbili au zaidi, na mfuatano unakubaliwa ikiwa ipo hata njia moja inayoishia kwenye alama. Mashine kama hizo mara nyingi ni rahisi kuchora. Kwa "inaishia na sifuri mbili" unaweza kuchora mashimo matatu: A, B na C. Kete inaweza kubaki A kwa tarakimu yoyote. Lakini ikisoma 0 ikiwa A, ina hiari ya pili: kukisia kwamba hiyo ndiyo sifuri ya kwanza kati ya mbili za mwisho, na kwenda B. Kutoka B, 0 nyingine inaipeleka C, ambako ndiko kwenye alama na ambako hakuna safari ya kutoka.

Ubao huu unafanya kazi sawasawa. Mwaka 1900 una njia inayobaki A kwa 1 na 9, kisha inakisia vizuri na kufika C. Umekubaliwa.

Geuza alama sasa, A na B zikiwa nazo. Msomee mwaka 1900. Ipo njia ambayo haikisii hata mara moja. Inabaki A kwa tarakimu zote nne, na A sasa ina alama. Mwaka 1900 umekubaliwa tena. Kwa kweli kila mfuatano unakubaliwa, kwa kuwa kila mfuatano una njia ya kubaki A. Tulitaka miaka isiyogawika kwa 100, tumepata kila kitu. Sababu ni kwamba kwenye mashine yenye hiari kukubali kunahitaji njia moja tu, bali kukataa kunahitaji njia zote zishindwe. Kugeuza alama hakugeuzi "ipo njia" kuwa "hakuna njia".

Tiba ilitolewa katika makala hiyohiyo ya 1959. Badala ya kufuata kete moja inayokisia, weka kete katika kila shimo ambalo ingeweza kuwamo, na uhesabu kila kundi la mashimo kuwa shimo moja jipya. Katika mfano wetu unaanza na kundi lenye A peke yake. Ikija tarakimu isiyo sifuri, kundi ni A tu. Ikija sifuri, kundi linakuwa A na B. Ikija sifuri ya pili, linakuwa A, B na C, na sifuri zaidi zinaliacha hivyohivyo. Makundi ni matatu, na ukiyatazama vizuri utaona ni yaleyale ya Bila, Moja na Jozi. Tumerudi kwenye ubao wetu usio na hiari, na sasa alama zinaweza kugeuzwa kwa usalama.

Hapa tulibahatika kupata makundi matatu tu. Mashimo n yanaweza kuunda makundi hadi 2 kipeo cha n, na zipo lugha ambazo gharama hiyo haikwepeki. Chukua mifuatano ya herufi a na b ambayo herufi ya 10 kutoka mwisho ni a. Ubao unaokisia unaitambua kwa mashimo 11. Ubao usiokisia unahitaji mashimo 1,024, kwa sababu lazima ukumbuke herufi 10 za mwisho zote. Haujui mfuatano utaishia wapi.

Kete mbili kwa pamoja

Turudi kwenye mwaka. Tunao ubao wa kugawika kwa 4, na tunao kijalizo cha ubao wa 100. Tunataka miaka inayokubaliwa na zote mbili. Seti hiyo ndiyo makutano ya lugha hizo mbili.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuusoma mwaka mara mbili: upite katika ubao wa kwanza, ukikubaliwa uanze upya katika wa pili. Lakini otomata husoma mara moja tu, na haina pa kuuhifadhi mwaka ili iusome tena. Kwa hiyo mbao zote mbili zinachezwa kwa wakati mmoja. Kila tarakimu ikisomwa, kete zote mbili zinasogea, kila moja kwa sheria za ubao wake. Kisha tunachora ubao mpya ambao kila shimo lake ni jozi: mahali ilipo kete ya kwanza na mahali ilipo ya pili. Mashimo matatu mara matatu yanatoa jozi tisa. Kete ya ubao mpya inaanza kwenye jozi (Mbili, Bila), kwa sababu ndipo kete mbili zilipoanza. Alama inawekwa kwenye jozi ambayo pande zote mbili zina alama: (Nne, Bila) na (Nne, Moja).

Je, ubao mpya unafanya kazi ipasavyo? Mwanzoni jozi inaonyesha kwa usahihi kete mbili zilipo. Ikiwa inaonyesha kwa usahihi kabla ya tarakimu fulani, itaonyesha kwa usahihi baada yake, maana safari za jozi zimenakiliwa kutoka mbao mbili. Basi inaonyesha kwa usahihi mpaka tarakimu ya mwisho, na alama zilizowekwa zinasema kile hasa tulichotaka. Idadi ya jozi ina kikomo, hivyo ubao mpya ni otomata halali, na makutano ya lugha mbili za kawaida ni lugha ya kawaida. Uthibitisho wote ni huo.

Tuupitishe mwaka 1900. Tunaanza (Mbili, Bila). Tarakimu 1 inatupeleka (Witiri, Bila). Tarakimu 9 inatuacha hapo. Sifuri ya kwanza inaipeleka kete ya kwanza Mbili na ya pili Moja, hivyo tuko (Mbili, Moja). Sifuri ya mwisho inatufikisha (Nne, Jozi). Kete ya kwanza imeridhika: mwaka unagawika kwa 4. Ya pili haijaridhika, kwa kuwa Jozi imepoteza alama. Mwaka umekataliwa. Kwa 2024 safari ni (Mbili, Bila), kisha (Nne, Moja), kisha (Mbili, Bila), na mwisho (Nne, Bila), yenye alama. Umekubaliwa.

Fuata safari zote kutoka mwanzo na utakuta jambo la kuvutia. Kati ya jozi tisa, kete inaweza kufika sita tu. Jozi (Witiri, Moja) na (Witiri, Jozi) hazifikiki, kwa sababu namba inayoishia na sifuri haiwezi kuwa witiri. Jozi (Mbili, Jozi) nayo haifikiki, kwa sababu kila namba inayoishia na sifuri mbili inagawika kwa 4. Hatukumwambia mtu yeyote ukweli huo wakati wa kuchora. Umejitokeza wenyewe katika mashimo yasiyo na njia ya kuingilia. Kwa hiyo mtu anayejenga ubao wa jozi kwa mkono asianze kwa kuandika jozi zote. Aanze na jozi ya mwanzo na kuongeza zile tu zinazofikika.

Kipande cha mwisho

Imebaki "au unagawika kwa 400". Ubao wake unaweza kujengwa kwa mashimo matano: Witiri, Mbili, Nne, Arobaini na Mia Nne. Matatu ya kwanza tunayafahamu. Sifuri inayofuata Nne inaipeleka kete Arobaini, yaani namba sasa inagawika kwa 40. Sifuri nyingine inaipeleka Mia Nne, penye alama, na ikiwa hapo sifuri zaidi zinaibakiza. Tarakimu isiyo sifuri ikija kete ikiwa Arobaini au Mia Nne, inasafiri kama ambavyo ingesafiri kutoka Nne.

Kuunganisha kwa "au" kunatumia ubao uleule wa jozi. Kinachobadilika ni alama pekee. Safari hii jozi inapata alama ikiwa hata upande mmoja una alama. Seti inayopatikana ni muungano wa lugha mbili. Hesabu ya juujuu inasema mashimo sita mara matano ni 30, lakini ukifuata yanayofikika unapata tisa tu. Mwaka 2000 unapita humo hivi: 2 inaacha kete zote mbili upande wa Mbili, sifuri ya kwanza inaipeleka ya tatu Nne, ya pili inaipeleka Arobaini, ya mwisho inaifikisha Mia Nne. Umekubaliwa. Mwaka 2100 unaishia (Nne, Jozi) kwa kete mbili za kwanza, na Nne kwa ya tatu, ambayo kwenye ubao huu wa tatu haina alama. Hautakuwa mwaka mrefu.

Msomaji anayependa mantiki atagundua kwamba tungeweza kuyapata makutano bila kuyajengea alama zake. Kanuni inayobeba jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati wa karne ya 19, inasema kuwa "vyote viwili" ni sawa na "si kweli kwamba kimoja kinakosekana". Chukua vijalizo vya mbao mbili, uviunganishe kwa "au", kisha ugeuze tena alama za matokeo. Utapata makutano yaleyale. Kwenye mbao zisizo na hiari, kazi ni ileile kwa jina jingine. Kwenye mbao zinazokisia ni gharama isiyo na faida, kwa maana ubao wa jozi hufanya makutano vizuri hata kete zikiwa na hiari, ilhali kijalizo kinadai hiari iondolewe kwanza.

Kutafuta mahali kanuni mbili zinapoachana

Manufaa ya kuwa na "na" na "si" mkononi yanaonekana unapotaka kulinganisha kanuni mbili. Tuseme ipo programu inayotumia "mwaka unagawika kwa 4" tu, na unataka kujua ni wapi inatofautiana na kalenda halisi. Jenga makutano ya ubao wake na kijalizo cha ubao wa Gregori. Ubao utakaopatikana unakubali miaka ambayo programu inaita mirefu na kalenda haiiti hivyo. Kisha tafuta njia fupi kuliko zote kutoka mwanzo hadi kwenye alama. Njia ikikosekana, hakuna kosa la upande huo. Ikipatikana, tarakimu zilizo njiani ni mfano wa kosa wenyewe.

Ukifanya hivyo kwa mbao zetu, jibu la kwanza ni "00". Kwa mbao hizo ni jibu sahihi, lakini kwa mtu halina maana, kwa sababu hakuna anayeandika mwaka hivyo. Kijalizo huchukua kila kitu kilicho nje ya lugha, pamoja na takataka. Dawa ni makutano mengine, safari hii na ubao wa namba zilizoandikwa vizuri tuliouona awali. Sasa jibu fupi kuliko yote ni 100: mwaka wa kwanza ambao kanuni ya 4 peke yake inaukosea. Ukifanya upande wa pili pia, yaani miaka ambayo kalenda inaita mirefu na programu inaikataa, hutapata njia yoyote. Hapo umethibitisha, kwa miaka yote bila kuijaribu mmoja mmoja, kwamba kosa la programu hiyo ni la upande mmoja.

Mahali mbinu inapoishia

Ubao wa jozi una bei. Kila ubao unaoongezwa unazidisha idadi ya mashimo. Mbao 10 zenye mashimo 10 kila moja zinaweza kutoa jozi bilioni 10. Mfano wetu ulibaki mdogo kwa sababu mbao zote zilikuwa zinahesabu mambo yanayohusiana, na jozi nyingi hazikufikika. Kanuni zisizohusiana hazitoi nafuu hiyo.

Pia mbinu hii haivuki mpaka wa lugha za kawaida. Zipo mashine zenye rundo la kumbukumbu lisilo na kikomo, ambazo huweza kuhakikisha kwamba idadi ya a inalingana na idadi ya b zinazofuata. Moja inaweza kulinganisha a na b, nyingine b na c. Lakini makutano yao yanataka a, b na c ziwe sawa kwa idadi, na hilo linahitaji marundo mawili yatumike kwa pamoja. Jozi ya marundo mawili si rundo moja, kwa hiyo ujenzi wetu unavunjika. Na imethibitishwa kwamba hakuna mashine ya rundo moja inayoiweza kazi hiyo. Jozi ya mashimo mawili, kwa upande wake, bado ni shimo moja. Nguvu yote ya uthibitisho iko hapo.

Kwa anayetaka kujaribu, karatasi na penseli vinatosha. Chora ubao wa namba zinazogawika kwa 3, ambao una mashimo matatu kwa kuwa tarakimu zinajumlishwa tu, na ubao wa zinazogawika kwa 5. Tafuta kijalizo cha mmoja na makutano yake na mwingine. Kabla ya kugeuza alama yoyote, hakiki mambo mawili: kila shimo lina safari kwa kila tarakimu, na kila tarakimu ina safari moja tu. Yakitimia hayo, kugeuza alama hakutakudanganya.